Wiki Tatu za Klementina

Wapo watu mjini Sumbawanga wanaosema Klementina wa Pito alishindwa kwa kukosa pumzi. Uongo mtupu! Pumzi alikuwa nayo ya kuwagawia na hao wasemaji. Aliyeharibu ni mimi, Eustaki, mwalimu wa michezo niliyepunguzwa kazi serikali ilipoanza kupunguza watu, nikabaki na saa ya kupimia mbio na maneno mengi.

Mwaka 1996 timu moja ya riadha kule Moshi ilitangaza kwamba wanawake watano wa kwanza kwenye marathoni ya Juni wangeajiriwa. Ajira ya kweli, yenye mshahara wa kila mwezi. Klementina alikuwa akiishi na mama yake mjane, na tangu ruzuku ya mbolea iondolewe mahindi yao yalikuwa hayafiki Februari. Aliniambia, "Mwalimu, nikikosa hii basi tena."

Hesabu ya marathoni huanzia mwisho. Jumapili ya tarehe 10 Machi, baada ya misa, tulitandaza kalenda nikazungushia tarehe 30 Juni kalamu nyekundu. Kutoka hapo nikarudi nyuma wiki moja moja. Wiki tatu za mwisho nikaandika: kupunguza. Jumapili inayozitangulia, tarehe 9 Juni, nikaweka mbio ndefu kuliko zote, kilomita thelathini na nne. Nyuma yake wiki za kujenga mwili, kila ya nne nyepesi kidogo ili miguu ipone. Nilipohesabu ya kumi na sita, kidole kiliangukia Jumatatu ya kesho yake.

"Kumbe tumebanwa hivi!" alisema Klementina.

"Hatujabanwa, tumeenea. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe barabarani."

Jamani, binti yule alikimbia. Machi na Aprili zilikuwa tope tupu, Mei ikaja baridi ya Ufipa ile ya kuganda vidole, na hakukosa siku. Tarehe 9 Juni alimaliza zile kilomita thelathini na nne akicheka. Nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema.

Nikamweleza wiki tatu zilizobaki. Kutoka kilomita tisini kwa wiki tushuke sitini na tano, halafu arobaini na tano, na wiki ya mbio ziwe chache tu. Tunapunguza umbali, hatupunguzi mwendo. Mwili haupati nguvu wakati unakimbia, unazipata ukipumzika. "Kazi imekwisha," nilimwambia. "Sasa pumzika." Kisha nikakaa mjini nikijisifu.

Nyumbani Pito mama yake, Silvana, alisikia habari moja tu: mwalimu kasema binti apumzike. Na Juni, kwenye nyumba ya Wafipa, mtu asiye na kazi anakwenda kuvuna ulezi. Klementina alikuwa akikata masuke kwa kisu, ameinama tangu asubuhi, akibeba vikapu kichwani hadi uwanjani, halafu anashika fimbo na kupura. Hakuona kosa. Mbio zimepunguzwa, amsaidie nani kama si mama?

Jumamosi moja alikuja mazoezini akaniambia miguu mizito. Nikacheka! Nikamwambia ndivyo ilivyo kila mtu akipunguza mazoezi, miguu hulalamika, usiwe na wasiwasi. Na ni kweli huwa hivyo. Ila sikumuuliza jana yake alishinda wapi. Mjinga mimi.

Kule Moshi alikwenda na wale wanne wa mbele mpaka kilomita ya thelathini na mbili. Halafu mapaja yakakataa. Nilimwona akitembea, anajipiga miguu kwa ngumi, anakimbia, anatembea tena. Akamaliza wa saba. Kwenye basi la kurudi ndipo aliponisimulia habari za ulezi, bila kumlaumu mtu. Tangazo lile la ajira halikurudi tena.

Nilifika Pito nikiwa nimefura. Sikuketi, nikaanza kufoka: wiki kumi na sita zimekwenda na maji kwa ajili ya vikapu vya ulezi! Silvana aliacha kupepeta akanitazama.

"Shamba lile nilikuwa naliweza mwenyewe, taratibu," alisema. "Nilimwita kwa sababu ulisema huna kazi naye. Ungekuja ukaniambia kupumzika kwake ndiyo kazi yenyewe, ulezi ningeuacha uliwe na ndege. Huyu ni mwanangu, Mwalimu."

Kalenda yote niliijaza mimi, na kwa miezi minne sikuwahi kufika nyumbani kwa yule mama hata mara moja.