Wenzo wa Mashine ya Marobota

Niliporudi Mwanza kutoka Uganda nilikuwa na diploma ya ufundi wa mitambo, na sikumficha mtu. Baba yangu alikuwa mkulima wa migomba kule Bukoba. Ada nililipa mwenyewe kwa kubeba mizigo bandarini. Kwa hiyo nilipoajiriwa kwa majaribio katika kiwanda cha kuchambua pamba, karibu na ziwa, nilijiona nimefika.

Sikuwa nimefika. Wiki ya pili, wenzo wa mashine ya kufungia marobota ulipinda. Ulikuwa nondo nene ya mraba, ndefu kuliko mtu. Wapagazi wanne waliikandamiza chini ili pamba ishindiliwe. Wa akiba haukuwepo, na kuagiza mwingine kungechukua wiki nyingi. Seth, kama wote tulivyomwita mwenye kiwanda, aliniita.

"Wewe na karatasi yako, tengeneza. Ukishindwa, rudi kwenye ndizi zako."

Njia ya kawaida ni kukipasha chuma moto mpaka kiwe chekundu, kukinyoosha, kisha kukiacha kipoe taratibu ndani ya majivu. Lakini msimu wa pamba ulipoanza, tanuri la kiwanda lilizimwa kwa amri. Vumbi la pamba lilijaa hewani. Cheche moja tu ingetosha. Basi niliunyoosha wenzo ukiwa baridi, kwa jeki, asubuhi nzima, mabega yakiniuma.

"Chuma kikikunjwa baridi huwa kigumu zaidi," niliwaambia wapagazi. "Sasa kina nguvu kuliko kipya."

Nilikuwa nimesoma hivyo, na ni kweli. Kesho yake kabla ya adhuhuri wenzo ulipinda tena kuelekea chini, kwa uzito mdogo kuliko wa kwanza. Nikaunyoosha. Siku iliyofuata ukalala tena.

Fundi mzee wa pale, Mkerewe mwenye vidole vifupi vigumu, ambaye ilisemekana nimeletwa kushika nafasi yake, alikuwa ameketi juu ya kreti akinitazama.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, Bwana Diploma. Umechoka?"

"Nimechoka."

"Na chuma nacho kimechoka. Mara ya kwanza kililala kwa watu wanne. Jana watatu. Leo wawili, na mmoja wao ana homa. Unakinyoosha kwenda juu, kinarudi chini mbio. Mbona huko juu hakina haraka?"

Wapagazi wakacheka. Mimi sikucheka; swali lake lilinishika. Nilichukua vipande viwili vya ubapa mmoja wa chuma, nikavibana kwenye jiriwa, nikavikunja vyote kwa kiasi kimoja, upande mmoja. Kisha nikavitundikia kopo na kutia nati moja moja: kipande cha kwanza kikivutwa kuelekea kulekule kilikokunjwa, cha pili kikigeuzwa ili kivutwe kurudi nyuma. Cha kwanza kilibeba kopo likajaa. Cha pili kilianza kulegea kabla kopo halijafika nusu.

"Tazama, mzee. Ugumu wote uko upande mmoja. Ukikisukuma kinyume, kinakubali mapema, hata kuliko kilipokuwa hakijaguswa."

"Mimi nilikuambia bila kopo," akasema.

Mwalimu wetu chuoni alikuwa ametueleza jambo hilo, kwamba chuma kilichovutwa mpaka kikarefuka huwa dhaifu kikisukumwa kinyume. Nililiandika vizuri, nikalipatia alama nzuri, nikalisahau. Kila nilipounyoosha wenzo kwenda juu niliuandaa ulegee kwenda chini, na chini ndiko walikokandamiza wale watu. Isitoshe, kila kuukunja baridi kuliupunguzia uwezo wa kunyumbuka, ningeendelea ungepasuka. Ilibaki mara moja tu.

Niliunyoosha mara ya mwisho. Tundu la egemeo, mahali wenzo unapozungukia, lilipita katikati ya unene wa nondo, kwa hiyo wenzo ungeweza kufungwa hata upande wa juu ukiwa chini. Nilikuwa nimekwisha kuushika ili niufunge kama kawaida, kwa sababu alama ya jina langu niliyoigonga kwenye chuma ilikuwa juu, mahali ambapo Seth angeiona.

"Geuza," akasema mzee.

Nikaugeuza, juu ikawa chini. Sasa wapagazi wakikandamiza, wangesukuma kuelekea kulekule jeki ilikousukuma mara ya mwisho, yaani upande wenye ugumu.

Seth alikuwa mlangoni muda wote akitazama. Wawili wakakandamiza, kisha watatu, kisha wanne. Chuma kilitoa mlio mdogo, kikatulia bila kupinda. Robota likafungwa. La pili likafungwa. Saa tisa Seth akanijia.

"Wenzo huu unamaliza msimu?" akaniuliza.

"Unamaliza, Seth. Msimu ukiisha tutaupasha moto, tuupoeze kwenye majivu, ugumu wa upande mmoja uondoke."

"Nani aliyefikiri kuugeuza?"

Nilitaka kusema ni mimi. Nilijivunia diploma yangu wakati huo na najivunia hata leo. Lakini nilikuwa nimechoka, na uongo ulihitaji nguvu.

"Mzee huyu alisema geuza. Mimi nilijua kwa nini."

"Basi nyote wawili mnabaki," akasema, akaondoka. Niliketi juu ya robota lile la pili mpaka watu wote walipokwenda zao.