Mwaka Mkaa Ulipopanda Makambako

Fundi Methusela alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na thelathini kati ya hiyo aliitumia kukunja bati. Alitoka Wanging'ombe akiwa kijana, akapata kibanda nyuma ya soko la Makambako, na hapo akawa anatengeneza majiko ya mkaa ya kila ukubwa, ya kuchemshia chai na ya kupikia ubwabwa wa msiba. Karibu kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na jiko lake. Binti zake wawili walisoma kwa majiko hayo.

Mwaka ule mvua zilikuwa kubwa, na malori ya mkaa yakawa yanakwama porini siku tatu, siku nne. Juu ya hapo, wenye mashamba ya miwati, mti unaochomwa mkaa sana upande wa Njombe, wengi walikuwa wameing'oa na kupanda parachichi. Gunia lililokuwa elfu thelathini wakati wa Krismasi lilifika elfu hamsini na tano mwishoni mwa Februari.

Methusela hakushtuka. Alimweleza mkewe, Tabea, kwamba mkaa ukiwa ghali watu watatafuta majiko yasiyokula mkaa mwingi, kwa hiyo akaongeza yale yenye udongo ndani. Mwanzoni ilionekana amekisia vizuri, maana aliuza kadhaa. Kisha wateja wakakatika. Majiko yakapangwa ukutani, yakafika dirishani, mengine akayaweka nje na kuyafunika turubai.

Akaona labda Makambako imetosheka, ajaribu Njombe. Alipakia majiko ishirini kwenye basi, akashinda mjini siku nzima na baridi yake, akirudisha kamwene, salamu ya huko, kwa kila aliyemsalimia. Mama mmoja mwenye mgahawa aliligeuzageuza jiko mkononi, akalisifu, kisha akalirudisha chini.

"Jiko ni zuri, baba," alimwambia. "Lakini nikishalinunua nitalilisha nini?"

Alirudi na majiko kumi na sita. Njia nzima alikuwa akilifikiria swali lile. Alikuwa amezoea kuamini kwamba anauza jiko. Sasa akaona kwamba mtu aliyenunua jiko lake alikuwa akijifunga kununua na mkaa kila wiki, na mkaa ukimshinda, jiko nalo halina kazi.

Kesho yake alipita stendi ya mabasi, Tabea alikokuwa akiuza chakula cha mchana kwa abiria na madereva wa malori. Majiko matatu aliyomtengenezea yalikuwa yamegeuzwa juu chini, watu wameyakalia. Tabea alikuwa akipika kwenye mtungi mdogo wa gesi wenye jiko lililofungwa juu yake.

Methusela aliwapisha wateja, akaenda zake. Nyumbani aliuliza kwa sauti ya chini tangu lini. Wiki ya pili sasa, Tabea akamjibu. Alikuwa ameogopa kumwambia. Bei ya gesi ilikuwa ileile ya mwaka jana, na mwaka jana aliiona ghali kwa sababu mkaa ulikuwa rahisi. Leo gunia halimalizi wiki pale stendi, na akilinganisha, gesi ndiyo inayomwachia kitu mfukoni.

"Jiko lako sijalikataa, Baba Erica," alisema. "Kilichonishinda ni mkaa."

 Usiku ule usingizi ulimjia Methusela kwa shida, na si kwa hasira. Alijiuliza mtu wa umri wake anaanza upya wapi.

Siku ya nne baada ya hapo akaitwa mbio. Tabea alikuwa ameinjika sufuria kubwa ya maharage juu ya ule mtungi mdogo, akaanza kukoroga, sufuria ikalala upande na kumwagika yote. Methusela alifika akihema. Alimkuta mkewe amesimama, kanga imelowa, miguu salama. Maharage yalikuwa yamepita kando yake. Gesi ilikuwa imeshafungwa. Methusela aliketi kwenye moja ya majiko yake yaliyogeuzwa, akamshika mkono hadi pumzi ikamtulia.

Jioni ile walikwenda wote wawili kwa Consolata, muuza gesi wa barabara ya Njombe, wakamweleza kilichotokea. Consolata aliwapa pole, akasema mtungi mdogo ni wa sufuria ya nyumbani, si ya mama lishe. Anayepika vyungu vikubwa anahitaji jiko la chuma linalokaa peke yake, na mtungi uwekwe mbali na moto, viunganishwe kwa mpira. Majiko hayo alikuwa nayo. Tangu mkaa upande, alisema, hakuna anayechukua mtungi wa kwanza bila kuulizia jiko, mpira na regureta ya kuufungia mpira kwenye mtungi. Siku akiishiwa majiko, hata mitungi inabaki dukani, kwa sababu mtu ataipeleka wapi.

"Tatizo langu ni stendi za kuyawekea," aliongeza. "Majiko yanakuja bila miguu. Akina mama wanayapanga juu ya matofali, na matofali yanayumba. Ninaagiza stendi kutoka mbali, zinachelewa, nyingine zinafika zimepinda."

Methusela alilichukua jiko la chuma, akalipima kwa viganja. Aliuliza sufuria kubwa kuliko zote inayopikiwa pale stendi ya mabasi ina uzito gani ikijaa. Tabea ndiye aliyejibu, kwa sababu ndiye anayeinua.

Stendi ya kwanza aliitengeneza kwa siku mbili, nondo za miguu zimetanuliwa chini ili isiyumbe. Tabea akaijaribu kwa sufuria iliyojaa maji, akaisukuma kwa goti, haikutikisika. Consolata alichukua kumi. Wiki iliyofuata akataka ishirini na tano. Kufikia Aprili Methusela alikuwa amemwajiri fundi wa kuchomelea, Hilario, na mama yule wa mgahawa wa Njombe alikuwa amepiga simu mwenyewe, akitaka stendi tatu.

Mei barabara zilikauka na mkaa ukashuka, ingawa haukurudi elfu thelathini. Consolata aliona waliokuja kujaza mitungi wamepungua kidogo. Wengine walirudi kwenye mkaa, lakini wengi waliokwisha kununua majiko ya gesi waliendelea nayo. Oda za stendi zikapungua, na Methusela akahisi ule wasiwasi wa zamani ukimnyemelea.

Kisha baridi ya Juni ikaingia sawasawa, ile ya kuamka na umande mweupe kwenye majani. Gesi inapika, lakini hakuna anayeiwasha kutwa ili apate joto sebuleni. Watu wa Njombe wakaanza kutafuta majiko ya mkaa ya kuotea moto, na turubai likaondolewa. Yale kumi na sita aliyorudi nayo kutoka Njombe yalikwenda kwa siku tatu.

Siku hizi Methusela kila Jumatatu asubuhi huanza kwa kupita kwa wauza mkaa kuuliza bei, kabla hajakata bati wala nondo. Ikipanda, anamwambia Hilario waandae stendi. Ikishuka, wanarudi kwenye bati. Jumamosi iliyopita Tabea alimkuta kibandani amelala kwenye kiti, nyundo mapajani, saa tano ya mchana. Hakumwamsha. Miaka mingi alikuwa hajamwona akisinzia mchana, na alisimama mlangoni kwa muda akimtazama, kisha akaenda kuwahi wateja wake.