Mistari Miwili ya Msaidié

Msaidié Mdahoma alikuwa mtu wa kusubiri, na kusubiri kwake kuliwachosha watu. Ukimuuliza chai iko vipi, atainywa nusu kwanza ndipo ajibu. Mkewe marehemu alikuwa akisema kwamba hata posa aliipeleka baada ya majirani kuchoka kuuliza.

Tabia hiyo aliitoa kisiwani Nosy Be, kaskazini mwa Madagaska. Alizaliwa humo, mjini Andoany, kwa wazazi wa Kingazija, na ujana wake aliumalizia kiwandani Dzamandzar akisoma mizani ya magunia ya sukari. Gunia likitupwa juu ya mizani, mshale hurukaruka kulia na kushoto, na mjinga huusoma hapo hapo. Msaidié aliungoja. Aliangalia umefika wapi juu na umefika wapi chini, kisha akatazama unaelekea wapi.

Alipohamia Mahajanga, miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alipata kazi katika ukumbi wa madalali wa kahawa, ghorofani juu ya ghala moja karibu na bandari. Humo kahawa iliuzwa na kununuliwa kabla haijafika, mafungu kwa mafungu, kwa ahadi ya kukabidhiwa mwezi fulani. Kengele ililia saa mbili asubuhi na tena saa tano u nusu. Katikati yake palikuwa na kelele tupu. Wafaransa, Wahindi, Wagiriki na Wangazija walipigiana bei kwa Kifaransa, na anayekubali alisema neno moja tu, "pris", yaani nimechukua. Bei ikishafungwa hivyo, Msaidié aliiandika kwa chaki ubaoni. Bei iliyotajwa bila kupata wa kuichukua haikuandikwa. Hiyo ilikuwa sheria ya ukumbi, na mwandishi aliyeandika bei ya uongo, hata kwa kukosea, aliweka chaki chini siku hiyo hiyo, kazi imekwisha.

Miaka tisa aliandika bei za wenzake. Ndani ya miaka hiyo aliona kwamba nusu saa ya kwanza ni ule mshale unaorukaruka. Kila mtu ana habari yake ya usiku, kila mtu ana hofu yake, na bei hupanda na kushuka bila adabu. Lakini ikifika saa mbili u nusu, bei ya juu kabisa na ya chini kabisa zilizofungwa huwa kama kuta mbili. Soko likivunja ukuta wa juu, mara nyingi huendelea kupanda. Likivunja wa chini, mara nyingi huendelea kushuka. Mara nyingi, si kila mara, na Msaidié hakumdanganya mtu juu ya hilo.

Akajitungia kanuni. Ndani ya nusu saa ya kwanza, asiguse kitu. Kisha apige mistari miwili daftarini, juu na chini. Bei ikifungwa juu ya mstari wa juu, anunue. Ikifungwa chini ya mstari wa chini, auze. Akishanunua na bei ikageuka mpaka ikavunja mstari wa chini, atoke na hasara yake bila kunung'unika. Mara moja tu kwa siku. Kuta zikiwa mbali mno, akae bure. Na kabla ya kengele ya mwisho awe ametoka, hata soko likimbembeleza.

Bwana Zoubeir, dalali mkubwa aliyekuwa na viti vitatu ukumbini, yaani ruhusa tatu za kununua na kuuza humo, alilichungulia daftari hilo mwezi mzima. Kisha akamwita.

"Nitakupa kiti changu kimoja, siku ishirini, mafungu matano kwa siku," alimwambia. "Faida sikuulizi. Faida hata mlevi huipata. Mimi natazama kama mtu anaweza kuifuata mistari yake mwenyewe. Ukiivunja mara moja, hata ukiniletea dhahabu, unarudi kwenye chaki. Usipoivunja, kiti ni chako."

"Nimekubali, bwana," alisema Msaidié, na kwa mara ya kwanza maishani alijibu bila kusubiri.

Chaki aliyoiacha ilichukuliwa na Faouzia, binti wa dada yake Hachimia wa Andoany. Msaidié alikuwa amemleta yeye mwenyewe, akamfundisha yeye mwenyewe, akamwombea kazi mpaka watu wakamcheka. Mwanamke ubaoni! Lakini mkono wa Faouzia ulikuwa mzuri, na sikio lake jepesi, na baada ya wiki mbili waliocheka walikuwa wakimwita bibi mdogo.

Siku kumi na tisa zikapita. Nane alipata, saba alikula hasara, nne soko halikuvunja mstari wowote akakaa amekunja mikono huku madalali wakimtania kwamba anakipasha kiti joto. Mistari hakuivunja hata mara moja.

Siku ya ishirini ikafika.

Kengele ililia. Bei ya kwanza faranga mia na themanini na mbili kwa kilo. Ikapanda themanini na nne, ikaporomoka themanini, ikagusa sabini na tisa, ikarudi themanini na moja. Msaidié alikuwa na penseli mkononi na jasho mgongoni. Saa ya ukutani ilionyesha dakika mbili kabla ya saa mbili u nusu pale dalali mmoja, Youssoufa, aliposimama upande wa dirisha akapiga kelele kwamba anauza kwa mia na themanini na sita. Wakati ule ule, upande wa mlangoni, mtu mwingine kabisa alikuwa akijibu bei nyingine kabisa, themanini na mbili.

"Pris!"

Faouzia akaandika: 186.

Msaidié aliinua kichwa. Miaka tisa masikio yake yalikuwa yamefanya kazi ile moja tu, kuunganisha sauti na sauti. Youssoufa hakujibiwa na mtu. Faouzia alikuwa amechukua bei ya dirishani akaifunga kwa neno la mlangoni. Hakuna aliyelalamika, maana kila mtu alikuwa akitazama karatasi zake, na Youssoufa mwenyewe alitabasamu tu. Muuzaji gani anachukizwa na bei ya juu?

Saa mbili u nusu. Bwana Zoubeir, kiti cha nyuma yake, alisoma ubao akapiga mistari yake: juu 186, chini 179.

Msaidié akapiga yake: juu 184, chini 179.

Angesema. Neno moja lingetosha, na karatasi za mauzo mezani kwa karani zingethibitisha. Lakini neno hilo lingemshusha Faouzia ubaoni mbele ya watu wote. Au angeunyamazia mstari wa Zoubeir, angoje bei ipite 186, anunue kwa baraka za kila mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa njia rahisi, na mtu mwenye akili zake timamu angeishika. Msaidié alikuwa mkaidi. Kanuni yake ilisema bei iliyofungwa, na 186 haikufungwa. Kuifuata ingekuwa kujidanganya kwa siku ya mwisho baada ya siku kumi na tisa za ukweli.

Saa tatu kasoro dakika kumi, Mgiriki mmoja na Mhindi mmoja walifungiana mia na themanini na tano.

Msaidié alisimama. Akanunua mafungu yake matano kwa themanini na tano, na nyuma yake akasikia penseli ya Zoubeir ikiwekwa juu ya meza, taratibu.

Kisha soko likaanza kumtesa. Themanini na tatu. Themanini na moja. Themanini. Sabini na tisa kamili, juu ya mstari wenyewe, na hapo likakaa dakika nzima. Sabini na nane ikifungwa, atoke. Alikwisha kuinua mkono nusu. Ikafungwa themanini. Ikafungwa themanini na nne. Saa nne ilipita bei ikiwa themanini na nane, na robo saa kabla ya kengele aliuza yote kwa mia na tisini.

Hakuna aliyempongeza. Kengele ilipolia Bwana Zoubeir alisimama.

"Ulinunua kwa themanini na tano," alisema, si kwa hasira. "Mstari ulikuwa themanini na sita. Pupa imekushika siku ya mwisho, Msaidié."

Msaidié alilifunga daftari lake.

"Kesho nitarudi kwenye chaki, bwana, nipokezane na Faouzia," alisema.

Faouzia aligeuka. Alimtazama mjomba wake, mtu aliyekuwa hawezi kujibu chai iko vipi kabla hajaifikia nusu, eti amefanya pupa. Akautazama ubao. Alishuka jukwaani, akaenda kwenye meza ya karani, akazipekua karatasi za mauzo za nusu saa ya kwanza, moja moja, zote. Alipozimaliza uso wake ulikuwa umepauka.

"Bwana Youssoufa," alisema, "ile themanini na sita, ulimwuzia nani?"

Youssoufa akakohoa. "Ile? Ile haikupata mtu."

"Faouzia, acha," alisema Msaidié.

Hakuacha. Alipanda tena, akaifuta 186, akaandika 182 mahali pake, kwa mkono ule ule mzuri. Kisha akaiweka chaki chini.

"Mjomba hakuvunja mstari. Nimekosea mimi," alisema. Akatoka.

Bwana Zoubeir hakumwita arudi. Sheria ya ukumbi hakuitunga yeye, wala hakuweza kuitengua. Alimsukumia Msaidié kadi ya kiti juu ya meza, na Msaidié akaipokea kwa aibu.

Meli ya kumrudisha Faouzia Nosy Be ilikuwa iondoke asubuhi ya pili yake, saa tatu. Kengele ilipolia saa mbili Msaidié alikuwa kitini. Nusu saa alingoja, akapiga mistari yake miwili, akainuka, akaacha daftari wazi juu ya meza, akashuka ngazi.

Faouzia alikuwa gatini, ameketi juu ya sanduku lake la bati.

"Mjomba!" Alishtuka. "Soko limeshafunguliwa."

"Najua."

"Juu ngapi?"

"Tisini na tatu."

"Chini?"

"Themanini na tisa."

Aliipima kichwani kama alivyofundishwa. "Kuta ziko karibu. Leo ni siku nzuri." Macho yalimjaa machozi. "Rudi, mjomba. Usinipotezee kiti kile."

Msaidié alitaka kumwomba radhi kwa kunyamaza kwake, kwa sababu sasa alijua kwamba kama angesema mapema, wakiwa wawili tu, huenda pangekuwa na njia. Kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye madirisha ya ghorofa yaliyo wazi, kelele zilipanda ghafla, sauti juu ya sauti. Faouzia aliinua kichwa.

"Limevunja," alisema. "Kwa juu. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Msaidié.

Akaliinua sanduku la bati la mpwa wake, akalitia begani, wakatembea pamoja hadi kwenye ngazi ya meli.