Kivuli Nyuma ya Sikio la Mama Kidevu

Jina lake halisi wateja wengi hawakulijua. Walimwita Mama Kidevu, kwa sababu kila aliyekaa kwenye kigoda chake aliambiwa neno hilo mara tatu au nne kabla kamera haijalia. "Kidevu. Shusha kidogo. Si hivyo, umekilaza kifuani. Kidevu, baba, kidevu!"

Chumba chake cha picha kilikuwa ghorofa ya chini, hatua chache kutoka ofisi ya pasipoti, na kwa miaka kumi na tisa alipiga karibu picha za aina moja tu: kichwa na mabega. Aliwavua watu miwani. Waliokuja na shati jeupe aliwavalisha koti jeusi lililotundikwa mlangoni, wasije wakamezwa na pazia jeupe la nyuma. Aliwasogeza hatua mbili mbele ya pazia hilo, akawasha taa mbili, moja kila upande, ili kivuli kisikae puani wala ukutani. Halafu uso. "Usinune, usitabasamu. Funga mdomo, fungua macho. Mfikirie mtu usiyemdai wala asiyekudai."

Picha ikishatoka hakuitoa mkononi mpaka aikague kwa lenzi ya kukuzia, kama daktari anayetafuta mwiba. Macho yote mawili yanaonekana? Kichwa hakikuinama? Nyuma peupe, au pana doa? Ikiwa na kasoro aliichana mbele ya mwenyewe na kumrudisha kwenye kigoda, hata kama mtu analalamika anachelewa.

Upande wa pili wa barabara palikuwa na fundi mwingine, mwanamume wa makamo aliyejifunza kazi kwake kisha akafungua chumba chake. Mama Kidevu hakumsamehe. Kila mteja alisikia habari zake. "Yule anakukata kwenye kompyuta kama karatasi, anakubandika kwenye weupe. Viza wanaligundua hilo siku hiyo hiyo. Kapige kwake, utarudi hapa unalia." Maneno yalivuka barabara, kama maneno yanavyofanya, na wawili hao wakaacha kusalimiana.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyekuwa akiishi ng'ambo kwa mwaka wa sita. Mume wa binti huyo alikuwa amemwacha akiwa na mimba ya miezi mitatu. Mimba ilipofika mwezi wa saba, presha ilipanda, miguu ikavimba, na madaktari wakapanga kumtoa mtoto kabla ya wakati.

"Mama, wamesema tarehe kumi na nane," binti alisema kwenye simu. "Njoo. Sina mtu wa kukaa naye humu ndani."

"Nakuja, mwanangu. Hata kwa miguu."

Ilikuwa imebaki chini ya mwezi. Akajaza fomu ya viza mtandaoni, akaambatisha barua ya hospitali na kila kilichotakiwa, ikabaki picha. Asubuhi hiyo taa ya kushoto ilikuwa imeungua, na muuzaji wa taa aliahidi kuleta nyingine keshokutwa. Kwa mteja angeizungusha ile moja mpaka kivuli kikimbie. Lakini huwezi kukaa kwenye kigoda na kusimama nyuma ya kamera kwa wakati mmoja. Aliweka kamera ijipige yenyewe, akakimbia kukaa.

Picha ya kwanza macho yalifumba. Ya pili mdomo ulikuwa wazi, maana alikuwa anahema. Ya tatu alikunja uso kama mtu anayesikia habari mbaya. Akajaribu kumi na moja. Ile sura tulivu aliyowadai watu miaka yote hiyo haikumjia hata kidogo; kila akitulia alimwona binti yake kitandani. Ya kumi na mbili ilikuwa nzuri: macho wazi, mdomo umefungwa, kichwa wima. Ila nyuma ya sikio la kulia palikuwa na kivuli, kirefu, kama mtu mwingine anachungulia.

Alikiona. Hili ndilo lililomla baadaye, kwamba alikiona. Alisimama dirishani, akatazama ng'ambo ya barabara. Yule fundi alikuwa mlangoni kwake, mikono mitupu, anaota jua. Ingekuwa kazi ya dakika tano. Mama Kidevu akavuta pazia la dirisha, akarudi kwenye kompyuta, akakifuta kivuli.

Alikifuta kwa ustadi. Akapaka weupe juu yake, akalainisha ukingo wa sikio, akatazama kwa mbali, akajiambia haionekani. Akaituma.

Siku ya kumi na moja jibu likaja. Picha haikubaliki: mandhari ya nyuma imebadilishwa. Alete picha mpya isiyoguswa, na ombi lake litashughulikiwa upya baada ya kuipokea.

Alivuka barabara hivyo hivyo, bila mtandio, simu mkononi.

Fundi alisoma ule ujumbe. Akamkalisha. Akasogeza kigoda mbele, akainua taa, akaishusha, akarudi nyuma ya kamera.

"Mama, legeza mabega."

Akalegeza.

"Kidevu."

Machozi yakamtoka. Fundi akampa kitambaa, akasubiri. Walisubiri muda mrefu, mpaka wekundu wa macho ukapungua. Picha ilipotoka, fundi aliikagua kwa lenzi, kona kwa kona, kama alivyofundishwa.

"Hii haina neno," alisema. Kisha akaongeza, polepole, bila kumtazama: "Siku ile ulipojipiga ungeniita tu, mama. Ningekuja kubonyeza nikaondoka. Hata salamu usingenipa."

Alituma picha jioni hiyo. Akapiga simu kila siku, akaambiwa kila siku kwamba ombi lipo kwenye foleni. Tarehe kumi na nane ilimkuta ameketi kwenye kigoda chake mwenyewe, mlango umefungwa, simu mapajani. Iliita saa tisa alasiri. Ni muuguzi aliyezungumza kwanza, kisha akampa binti.

"Alikuwa wa kike," binti alisema. "Alipumua kama saa moja hivi."

"Mwanangu..."

"Walikuwa wananiuliza, nani yupo na wewe? Kila anayeingia anauliza. Nikawa nasema mama yangu yuko njiani."

Viza ilitoka siku ya tisa baada ya mazishi. Alipiga simu kusema amepata, anatafuta tiketi.

"Usije sasa," binti akamjibu. Hakupaza sauti. "Nilikutaka siku ile. Lakini nataka unieleze kitu kimoja. Kweli ilikuwa picha tu? Wewe, mama? Picha?"

Angeweza kusema ofisi ndiyo ilichelewesha, na isingekuwa uongo mtupu. Akamweleza yote: taa iliyoungua, kivuli, dirisha, pazia alilolivuta.

"Ulikuwa unamwonea aibu fundi," binti akasema. Akakata.

Viza ile ilikuwa ya siku tisini. Zilikwisha akiwa nyumbani.

Bado anapiga picha. Fundi wa ng'ambo ya barabara na yeye husalimiana asubuhi, basi. Binti hupiga simu Jumapili, wanaongea habari za baridi na za kazi, dakika chache. Mara moja tu, bila kuulizwa, alimwambia kwamba wauguzi walimpiga mtoto picha kabla hawajamchukua, imefungwa ndani ya bahasha.

"Anafanana na nani?" Mama Kidevu aliuliza.

"Nitakuonyesha," binti alijibu. "Siyo sasa."

Sasa ni mwaka wa tatu.