Fundi wa Sare Aandika Wosia

Bibi alishona sare za shule miaka arobaini, sebuleni kwake. Alizaa wanaume wawili, baba yangu na baba mkubwa, kisha akalea binti aliyeachwa na jirani aliyefariki. Binti huyo, Mama Mdogo wetu, ndiye aliyebaki naye, akikata vitambaa na kumkanda miguu.

Mimi ni karani wa mahakama, kwenye masjala ya mirathi. Bibi alipoanza kupoteza nguvu, nilimwandikia barua.

"Bibi yangu, shikamoo. Usikasirike kabla hujafika mwisho. Juzi walikuja hapa masjala ndugu watatu wa tumbo moja, kila mmoja na wakili wake. Baba yao aliwaahidi nyumba kwa mdomo, kila mmoja kwa wakati wake. Hakuna aliyekuwa mwongo, ila leo hawasalimiani. Mama Mdogo hukumlea kwa hati ya mahakama. Usipoandika wosia, sheria inaweza isimtambue kama mwanao. Kuandika si kugawa leo. Nyumba inabaki yako, na ukibadili mawazo utaandika mwingine."

Akanipigia simu. "Mume wangu, umeshaanza kunipimia sanda?" Akakata.

Wiki mbili zikapita. Kisha simu ikaita tena. "Hao ndugu watatu, nani anakaa kwenye ile nyumba?"

"Hakuna, Bibi. Imefungwa mpaka kesi iishe."

Akashusha pumzi. "Nitafutie wakili."

Siku ya kuandika wosia, wakili aliniomba mimi na Mama Mdogo tusubiri nje, asije mtu akasema tulimshawishi Bibi. Mashahidi walikuwa katibu wa wakili na fundi viatu wa jirani, wote wasiorithi chochote. Bibi aliusoma wosia kwa sauti, akatia sahihi mbele yao, nao wakatia zao mbele yake. Nakala halisi ikabaki kwa wakili.

Jumapili iliyofuata Bibi akafanya jambo ambalo sikuliandika kwenye barua: akawaita wanawe na kuwaambia mwenyewe. Nyumba itakuwa ya Mama Mdogo, na kile kiwanja chake kingine kitakuwa cha wanaume wawili.

"Mama, mtu wa kulea tu?" Baba mkubwa aliuliza.

"Nilipovunjika nyonga, nani alininyanyua?"

Baba yangu aliinamisha kichwa.

Bibi alifariki miaka mitatu baadaye. Baada ya mazishi wakili aliuwasilisha wosia mahakamani, na baba mkubwa akaja masjala, macho mekundu, akitaka kuupinga wosia. Nilimwambia mimi ni mjukuu, siwezi kulishika faili hilo, nikamwelekeza kwa mwenzangu. Baba mkubwa alisoma kurasa zote amesimama. Alipofika kwenye sahihi ya mama yake aliigusa kwa kidole.

"Ameandika mwenyewe," alisema, akarudisha faili.

Hajawahi kumtembelea Mama Mdogo tangu hapo. Lakini kesi hakufungua, na wakikutana njiani husalimiana.