Siku Tano za Mbuzi wa Kumi

Mzee Mizani alipachikwa jina hilo kiwandani, alikopima marobota ya pamba kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, jina likamfuata mpaka nyumbani. Mkewe ndiye pekee aliyemwita kwa jina lake halisi, na mkewe alikuwa amefariki mwaka wa tatu sasa.

Upande wa kitanda aliokuwa akilala mkewe sasa yalilala magunia mawili ya pumba za mahindi. Stoo ilikuwa na panya, ndiyo sababu aliyompa bintiye. Lakini hata panya walipokwisha, magunia hayakutoka.

Bintiye alikuwa akiishi mjini, safari ya siku nzima kwa basi, na kila Jumapili alipiga simu kusema neno lilelile: Baba ahamie kwake, nyumba ipangishwe. Mwisho wakakubaliana. Baba atanenepesha mbuzi kwa siku tisini. Wakiuzwa vizuri, asibughudhiwe tena. Wasipouzika, afunge mlango na kupanda basi.

"Usije ukaniambia mizani ilikosea," binti alisema.

"Mizani haikosei. Wanaokosea ni wasomaji."

Akanunua madume tisa waliohasiwa, wa meno ya maziwa bado, wamekonda lakini macho maangavu. Alinunua kiangazi kikali, majani yamekauka na kila mfugaji anapunguza, kwa hiyo aliwapata kwa elfu sitini kila mmoja, uzito wa kilo kumi na nane hivi. Akawapa dawa ya minyoo, wakachanjwa dhidi ya sotoka, tauni ya mbuzi. Pumba na mashudu ya pamba aliwaanzishia kiganja kwa kiganja, akiongeza polepole kwa wiki mbili, maana mbuzi aliyezoea majani makavu ukimmwagia nafaka siku moja tumbo linamvimba ngoma na unamzika. Nyasi kavu hazikukosekana horini, maji safi mara mbili kwa siku, na jiwe la chumvi likining'inia kwa kamba.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hawajala, kwa kuwa mbuzi aliyeshiba ni mwongo kwenye mizani, aliwatia mmoja mmoja kwenye gunia lililotobolewa miguu minne na kuwaning'iniza. Kila mmoja aliongezeka gramu mia na kumi kwa siku. Gramu mia na kumi tena. Alizisoma kwa sauti, kama zamani alivyowasomea makuli, ingawa sasa hakukuwa na wa kuitikia "andika". Aliandika mwenyewe.

Mwenye bucha alikuja kuwatazama siku ya sitini. Aliwashika mgongoni juu ya mbavu za nyuma, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mzee, hawa unawalisha au unawaombea?"

"Yote mawili."

"Mwisho wa mwaka nina oda. Niletee kumi, siku ya tisini, elfu mia na ishirini kila kichwa. Baada ya hapo watu hawana kitu mfukoni, na mimi sina bei."

"Ninao tisa."

"Basi tafuta wa kumi. Mtu mzima kama wewe utakosa mbuzi?"

Alimpata mnadani: dume wa kilo ishirini na nne, anayetosha kuwafikia wenzake, kwa elfu sitini tu. Wa namna hiyo hawapungui tisini. Muuzaji alikuwa na haraka, na Mzee Mizani hakuuliza haraka ya nini.

Kanuni aliijua. Mbuzi mgeni anatengwa wiki tatu, chombo chake, maji yake, na wewe unamhudumia mwisho ukishamaliza wengine. Akamweka kwenye kibanda cha jiko la zamani la mkewe, upande wa pili wa ua. Hesabu ya siku ilikubali kabisa, ingebaki hata wiki moja.

Ila mbuzi yule alilia. Hakulia kwa njaa, hori lilijaa. Alisimama mlangoni, akawaelekezea pua wenzake asiowaona, akalia, akanyamaza kusikiliza, akalia tena. Mzee alikula chakula chake sebuleni akimsikia. Akawasha redio. Akaizima. Siku ya tatu alimpelekea kiti, akaketi naye saa nzima, na mbuzi akatulia akicheua. Alipoinuka tu, kilio kikaanza upya.

Siku ya tano aliinua komeo.

Mbuzi aliingia bandani, wenzake wakamnusa, wakamsukuma kidogo kwa pembe, na ua ukawa kimya. Mzee Mizani alilala mchana ule usingizi mzito ambao hakuwa ameupata kwa wiki.

Siku ya sabini na saba, mmoja wa wale tisa alikohoa. Mzee alijisemea ni vumbi la pumba, akalowesha pumba maji kidogo. Siku mbili baadaye wanne walikuwa wanakohoa, na mmoja alisimama miguu ya mbele ameipanua, shingo ameinyoosha, kamasi na mate ya povu yakimtoka. Asubuhi alikuwa amekufa.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana mwenye buti za mpira zilizomzidi. Alimpasua marehemu nyuma ya ua. Pafu moja lilikuwa gumu, limeng'ang'ania ubavuni, na kifuani mlijaa maji ya njano. Pafu la pili halikuwa na neno.

"Homa ya mapafu ya mbuzi," alisema. "Baba, kuna mgeni aliyeingia hapa?"

"Yupo."

"Ulimtenga?"

"Siku tano."

Daktari alinyoosha mgongo. "Siku tano? Si ulisema ulikuwa karani wa mizani? Nani alikuhesabia?"

Mzee alitazama chini. "Alikuwa analia peke yake."

Daktari alimwangalia usoni, akafungua mkoba wake. Akawachoma sindano wote kumi kasoro mmoja, akaandika tarehe kwenye karatasi. "Asitoke mbuzi hapa wala asiingie. Na nyama yao hailiwi kwa siku ishirini na nane, mpaka dawa iwatoke."

Mzee hakuhitaji kalamu kujua kwamba tarehe hiyo ilipita siku ya tisini.

Mwenye bucha alipigiwa simu. "Sindano nani ataiona, Mzee?"

"Mimi nimeiona."

"Basi nitatafuta kwingine. Pole."

Wakafa wengine wawili. Saba waliobaki walipona, lakini walikuwa wamekonda, na siku zile walikula pumba kurudisha tu kilo zilizopotea. Kila Jumamosi alisoma mizani kimoyomoyo. Walipouzwa, mwaka mpya ulishaingia, na bei ilikuwa ya kubembeleza. Ukitoa pumba, mashudu na dawa, hata pesa ya kuwanunulia haikurudi yote.

Yule wa kumi alikuwa miongoni mwa saba hao. Kabla ya kuwauza, Mzee alimuuliza daktari kama anaweza kubaki naye.

"Aliyepona anaweza kuwa bado anaubeba," daktari alisema. "Ukileta wengine atawaua. Abaki peke yake maisha yake yote, au aende machinjioni na wenzake."

Akaenda na wenzake.

Jumapili simu ilipolia, Mzee alimweleza bintiye kila kitu, mpaka lile komeo. Alingoja acheke.

"Kwa hiyo ulimfungulia kwa sababu ya kelele," binti alisema.

"Kelele ningezivumilia. Alikuwa akinyamaza ili asikilize. Hapo ndipo iliponishinda."

Binti akashusha sauti: "Baba, nije nikuchukue?"

Alitazama uani. Banda lilikuwa limeoshwa, limemwagiwa dawa, mlango wazi ili jua liingie. Daktari alitaka likae tupu mwezi mzima.

"Usije," alisema. "Nielekeze tu nikishuka stendi napita wapi."

Alipokata simu aliingia chumbani. Magunia ya pumba yalikuwa yamekwisha, na upande ule wa kitanda shuka lilikuwa limebaki na alama mbili za vumbi. Alilikung'uta, akalitandika, kisha akatoa sanduku na kuliweka juu yake.