Slaidi Sita kwa Waliokosa Mkutano

Mkutano wa wapangaji wa jengo letu la biashara pale Kyebando ulinipita kwa sababu nilikwenda hospitali ya Mulago kumwona shemeji yangu aliyelazwa. Hata hivyo kesho yake mwenyekiti, Mkenya mwenzangu anayeuza vipuri, aliniletea kumbukumbu za mkutano.

"Mliokosa ni tisa," alisema. "Hakuna atakayesoma kurasa kumi na moja. Wewe una kompyuta, tutengenezee slaidi chache."

Kumbukumbu ziliandikwa kwa mkono na katibu wetu, mzee wa Kiganda, askari mstaafu aliyejifunza Kiswahili kambini. Nilizipitia kwa ukali. Mabishano nikayatupa. Maelezo marefu kuhusu nani "atasimama" nikayafuta pia, nikidhani viti havikutosha. Nikabakiza yaliyoamuliwa, na jedwali la kazi, mhusika na siku.

Orodha ya katibu ilisema: "Jumamosi saa nne, kula. Kila mtu kula moja tu. Sanduku la kula: mama wa vitenge. Kuhesabu kula: wazee wawili."

Nikaandika: "Jumamosi saa nne: chakula cha pamoja. Sahani moja kwa kila mtu. Sanduku la chakula: mama wa vitenge. Wazee wawili watahesabu sahani."

Nilipaswa kumrudishia katibu slaidi azikague. Sikuona haja, zilikuwa zimependeza mno. Mwenyekiti naye alizituma kwenye simu za watu bila kuzifungua.

Jumamosi tuliokosa mkutano tulifika na sahani. Waliohudhuria walifika na kalamu. Mama wa vitenge, Mkongo mpole ambaye naye hakuwapo siku ile, alishuka kwenye bodaboda na katoni kubwa yenye masufuria: sombe ya majani ya muhogo, bugali, samaki wa kukaanga.

"Mama, sanduku la kula liko wapi?" katibu aliuliza.

"Si hili, mzee?"

Katibu akafunua, akanusa, akanigeukia. "Mimi niliandika kula! Kula ya kalatasi! Ya kuchagua mwenyekiti!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini chakula kilikuwa cha moto, na hapakuwa na sanduku jingine. Tukala kwanza, katoni ikabaki tupu, tukaitoboa tundu juu. Kabla ya kupiga kura, fundi simu akasimama na mfupa wa samaki mkononi: "Napendekeza mama wa vitenge."

"Anahonga wapiga kura!" mwenyekiti alilalamika.

"Slaidi ulituma wewe," fundi alimjibu.

Wazee wawili walichambua karatasi zilizogandamana kwa mafuta. Mama alishinda kwa mbali, akalia kidogo, kisha akatoa agizo lake la kwanza: slaidi yoyote isomwe na katibu kabla ya kutumwa.

"Na vyombo je?" mtu akauliza.

Mama akanitazama. Nilisugua masufuria hadi saa nane, mwenyekiti aliyeshindwa akisuuza kando yangu.